Shajara ya mradi: namba za risiti ya mizani kutoka picha ya simu

Mei, mizani imefunguliwa

Alizeti imeanza kushuka Kibaigwa na magari yanapanga foleni kwenye mizani ya daraja tangu alfajiri. Kila gari hupimwa mara mbili, likiwa na mzigo na likiwa tupu, kisha printa ya pini inagonga risiti ya nakala tatu. Nyeupe inabaki kwa mnunuzi, ya njano inakwenda stoo, ya pinki anapewa mkulima. Kikundi chetu kinataka namba za hiyo ya pinki ziingie kwenye jedwali, ili malipo yakitoka yalinganishwe na kilo. Wanachama wametawanyika kuanzia Mlali hadi Pandambili, kwa hiyo karatasi zenyewe hazitufikii. Zinatufikia picha.

Na picha zenyewe ni hizi: risiti imekunjwa mara nne, imetoka mfukoni, imewekwa juu ya boneti au juu ya gunia, mpigaji amesimama ubavuni, kidole gumba kimeshika kona moja ili upepo usiipeperushe, na kivuli cha simu kimekata karatasi katikati. Ukiitia picha kama hiyo kwenye Tesseract, programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, bila kuigusa, unapata mistari miwili ya maana na mingine ya takataka.

Ninachohitaji ni namba tano tu kutoka kila risiti: uzito wa gari na mzigo, uzito wa gari tupu, uzito halisi, unyevu, na jumla ya fedha. Majina, tarehe na namba za gari mhasibu anaziandika mwenyewe, na hilo halimsumbui.

Mei, suala la saizi kabla ya mengine yote

Risiti ni ya saizi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210. Printa ya pini 9 huchora tarakimu kwa safu saba za nukta, na umbali wa nukta hadi nukta ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kama milimita 0.35. Tarakimu nzima basi ina urefu wa milimita 2.5 hivi. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha yenye pikseli 4000 kwa upande mrefu. Karatasi ikichukua theluthi mbili za upande huo, kila milimita inapata pikseli 12 na ushee, na tarakimu inasimama kwenye pikseli 31. Hapo panasomeka vizuri.

Lakini picha hiyohiyo ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa hadi pikseli 1600 hivi. Tarakimu inashuka hadi pikseli 12 au 13, na nukta ya desimali inabaki pikseli moja na nusu. Kuikuza tena baadaye kunaongeza ukubwa tu, maelezo yaliyokwisha kutupwa hayarudi. Kwa hiyo tumetangaza kwenye kundi kwamba risiti itumwe kama faili, si kama picha. Nusu ya watu wamezingatia. Wengine nawaelewa, maana faili linakula bando.

Juni, kona nne

Kunyoosha karatasi ndiyo hatua iliyokuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mahali pamoja. Natengeneza kopi ndogo ya picha, yenye urefu wa pikseli 500, nailainisha kidogo, natafuta kingo kwa `Canny` ya OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, nachukua umbo kubwa lililofungwa na kuuliza kama lina pembe nne. Pembe zikipatikana nazizidisha zirudi kwenye vipimo vya picha kubwa, kisha `getPerspectiveTransform` na `warpPerspective` zinaipiga karatasi pasi mara moja tu, kutoka picha ya asili hadi saizi ya mwisho. Hiyo mara moja ina maana yake. Ukizungusha kwanza, kisha ukanyoosha, kisha ukabadilisha saizi, kila hatua inakadiria pikseli upya na kufifisha kingo za nukta. Uwiano wa pande siukisii kutoka kwenye picha, kwa sababu naujua: A5 ni 1 kwa 1.41.

Palipokataa ni kwenye kidole gumba. Kikifunika kona, umbo linakuwa na pembe tano au sita na `approxPolyDP` inajibu kwamba hapa hakuna karatasi. Sasa sitafuti pembe moja kwa moja. Natafuta mistari minne ya pande, nairefusha, na pale inapokutana ndipo kona ilipo, hata kama imefichwa na kidole.

Kuna hila nyingine ya jua la hapa kwetu. Saa nane mchana ukingo wa kivuli cha simu ni mkali kuliko ukingo wa karatasi yenyewe, hasa karatasi ikiwa juu ya kiti cha plastiki cheupe. Programu inashika kivuli na kukata risiti nusu. Dalili ni rahisi kuiona: upande mmoja wa umbo lililopatikana unapita ndani ya maandishi. Basi kabla ya kukubali kona, napima kama ukanda mwembamba wa nje ya kila upande una rangi tofauti na ndani. Pinki ya karatasi inasaidia hapa, kwani kivuli hubadilisha mwanga zaidi ya kubadilisha rangi ya msingi.

Juni, kivuli

Hii imekula muda kuliko yote.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu huifikia ni kizingiti kimoja kwa picha nzima, mfano ule wa Otsu wa mwaka 1979: programu inachagua kiwango cha mwanga, kilicho chini yake ni wino, kilicho juu ni karatasi. Kwenye karatasi yenye kivuli hesabu hiyo haina pa kusimama. Wino ulio juani unaweza kuwa na thamani ya 110, na karatasi tupu iliyo kivulini ikawa 70. Hakuna kiwango hata kimoja kitakachotenganisha wino na karatasi pande zote mbili. Matokeo yake nusu ya risiti inakuwa nyeusi tii. Tesseract yenyewe kwa kawaida hutumia Otsu kwa ndani, ndiyo maana picha ghafi haikusomeka.

Kilichosaidia ni kugawanya. Unakadiria karatasi ingeonekanaje bila maandishi, kivuli kikiwemo, kisha unaigawa picha kwa makadirio hayo. Kivuli kipo juu na kipo chini ya mstari wa sehemu, kwa hiyo kinakatana. Wino upo juu tu, kwa hiyo unabaki.

```python
nyekundu = picha[:, :, 2]
kokwa = np.ones((7, 7), np.uint8)
usuli = cv2.medianBlur(cv2.dilate(nyekundu, kokwa), 25)
safi = cv2.divide(nyekundu, usuli, scale=255)
```

Chaneli nyekundu haikuchaguliwa kwa bahati. Ndani ya chaneli hiyo karatasi ya pinki inaonekana karibu nyeupe, na maandishi ya nakala, ambayo ni ya bluu inayoelekea zambarau, yanabaki meusi. Zaidi ya hapo, muhuri mwekundu unaogongwa juu ya jumla ya fedha unafifia hadi karibu kutoweka. Hiyo ilikuwa zawadi. Karani mmoja ana muhuri wa zambarau, na huo hautoki kwa chaneli yoyote, kwa sababu rangi yake ni ileile ya maandishi.

Namba 7 na 25 zinatokana na ukubwa wa herufi, wala si za kunakili popote. `dilate` ya 7 inatosha kumeza mstari wa wino wenye upana wa pikseli nne. Kichujio cha 25 kinalainisha kilichobaki. Kikiwa kidogo mno, wino wenyewe unahesabiwa kuwa sehemu ya karatasi na tarakimu zinakuwa tupu katikati. Kikiwa kikubwa mno, kinashindwa kufuata kivuli kinapobadilika ghafla.

Na hapo ndipo mti wa mwarobaini unapoingia. Watu wanakimbia jua, wanapiga picha chini ya mti, na majani yanaacha madoa ya mwanga kwenye karatasi nzima. Kivuli cha mkono kina ukingo mmoja. Kivuli cha majani kina mamia ya kingo, na kila ukingo unaacha uzi mwembamba wa giza baada ya kugawanya, kwa sababu makadirio yamelainishwa na ukingo wenyewe haukulainishwa. Uzi huo ukipita juu ya 1 unaifanya 7 au 4. Nimejaribu vichujio vya kila saizi. Doa likiwa dogo kama tarakimu, programu haina namna ya kujua kama giza lile ni jani au wino.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana mara moja. Sehemu ya kivuli yenye thamani ya 60 inapopandishwa kufikia karatasi nyeupe, inazidishwa mara nne, na chembechembe za kamera zinazidishwa pamoja nayo. Picha ya JPEG imehifadhiwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kivulini mipaka ya vipande hivyo inajitokeza kama vumbi la wino. Upande wa jua nao una mwisho wake: pikseli iliyokwisha kufika 255 imejaa, na hata kama kulikuwa na nukta hafifu pale, haimo tena kwenye faili.

Kwa hiyo ushauri tunaoutuma kwa wanachama umegeuka. Hatusemi tena "piga penye mwanga". Tunasema geuka, uifunike risiti nzima kwa kivuli cha mwili wako, kisha upige. Kivuli kilichoenea sawasawa hakina shida yoyote, kwani simu yenyewe inaongeza mwanga. Shida ni nusu jua, nusu kivuli.

Juni mwishoni, nukta

Karatasi imenyooka, kivuli kimetoka, na bado 8 inasomwa 3.

Sababu iko kwenye printa. Tarakimu zake hazina mistari, zina nukta zilizopangwa. Tofauti kati ya 8 na 3 ni nukta chache za upande wa kushoto, na kila moja ina upana wa pikseli nne hivi. Kwenye nakala ya pinki pini inagonga kupitia karatasi nyingine mbili, kwa hiyo nukta za pini iliyochoka hazifiki. Ukizipitisha kwenye kizingiti zikiwa zimefifia hivyo, zinafutwa, na 3 iliyobaki ni 3 safi kabisa. Programu inaitoa ikiwa na alama ya uhakika zaidi ya 90. Alama hiyo inaeleza jinsi umbo lilivyofanana na 3, haijui kilichopotea njiani.

Dawa ya kawaida ya nukta zilizoachana ni kuziba mapengo baada ya kizingiti. Inaunganisha kweli, ila inaziba na matundu: 6 yenye mdomo mwembamba inakuwa 8, na koma inagandana na tarakimu ya pembeni. Nikaona ni heri kulainisha kabla ya kizingiti, kwa `GaussianBlur` yenye sigma ya 1.5, ili nukta hafifu iliyo kati ya mbili zilizokolea iazime wino kwa jirani zake. Baada ya hapo natumia kizingiti cha Sauvola, kinachopima wastani na mtawanyiko wa mwanga kuzunguka kila pikseli. Tesseract 5 inacho ndani yake, kwa `-c thresholding_method=2`, lakini napendelea kukifanya nje ili nione picha iliyotoka.

Kinyume chake ni nukta ya desimali. Unyevu huandikwa kama 8.4, na ile nukta ni pigo moja la pini. Kichujio chochote cha kufagia vumbi kinaiona kuwa vumbi, kwa sababu kwa ukubwa ni vumbi. Kwenye picha iliyopita WhatsApp, hata kichujio kidogo cha pikseli 3 kinatosha kuifuta nukta hiyo. Kwa hiyo kila kisanduku kina mapishi yake sasa. Kwenye uzito nafagia bila huruma, maana hakuna desimali na koma nazitupa hata hivyo. Kwenye unyevu sifagii kabisa.

Kuhusu orodha ya herufi zinazoruhusiwa, fedha zilileta kichekesho. Risiti inaandika 7,758,000/= na nilipoiruhusu programu tarakimu na koma tu, ilizigeuza zile alama mbili za mwisho kuwa 7. Mkulima akaonekana anadai shilingi milioni sabini na saba. Ukikifungia kisomaji herufi fulani, hakikai kimya penye alama isiyomo, kinachagua iliyo karibu. Sasa naziruhusu alama zote zilizopo kwenye karatasi na kuziondoa baadaye:

```
tesseract fedha.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist=0123456789,/=
```

Julai, risiti moja hadi mwisho

Mhasibu alinipigia. "Kaka, huyu mzee wa Mlali gari lake umeliandika tani kumi na nne na kilo mia tatu sitini. Hesabu haikai."

Programu ilikuwa imesoma hivi: gari na mzigo 14,360, gari tupu 6,240, uzito halisi 8,620, jumla 7,758,000, kwa bei ya shilingi 900 kwa kilo.

Kigezo cha kwanza ni hatua ya mizani. Mizani hii inapanda kwa kilo 20, haiwezi kuchapa 14,350 hata siku moja. Namba zote tatu za uzito zinagawanyika kwa 20, kwa hiyo hapo hakuna kilichokamatwa. Kigezo cha pili ni kutoa: 14,360 kutoa 6,240 ni 8,120, wala si 8,620. Kuna kosa la kilo 500, lakini namba ipi? Kigezo cha tatu ni fedha: 8,620 mara 900 ni 7,758,000 kamili. Namba mbili zilizosomwa mahali tofauti kwenye karatasi zimekubaliana, basi uzito halisi ni mzima. Mgonjwa ni mmoja kati ya wawili wa juu.

Kama kosa liko kwenye gari tupu, ilipaswa kuwa 5,740, na hapo tarakimu mbili zingekuwa zimesomwa vibaya kwa mpigo. Kama liko kwenye gari na mzigo, ilipaswa kuwa 14,860, tarakimu moja tu, tena 8 iliyogeuka 3. Nikafungua picha ya asili na kukuza: mkunjo wa karatasi umepita upande wa kushoto wa ile 8, na wino wa hapo umechubuka.

Programu sasa inafanya hoja hiyo yenyewe, lakini hairekebishi kimyakimya. Inapendekeza 14,860, inapaka kisanduku rangi ya njano, na inaweka kando kipande cha picha ya asili, kabla ya kusafishwa. Mhasibu aliomba hivyo, na ana haki, kwa sababu picha iliyosafishwa ndiyo iliyopoteza nukta.

Julai mwishoni, yanayobaki

Vigezo hivyo vina tundu, na limeshajitokeza. Namba za uzito zimepangwa moja chini ya nyingine, zimelingana kulia. Mkunjo wa wima ukipita kwenye safu ya mamia, unaumiza tarakimu ya juu na ya chini kwa pamoja. Kuna risiti iliyokuwa 14,860 na 6,820, uzito halisi 8,040. Ikasomwa 14,360 na 6,320, na ukitoa unapata 8,040 ileile. Hatua ya 20 inakubali, kutoa kunakubali, fedha zinakubali. Malipo ya mkulima hayakuguswa, ila uzito wa gari tupu umeingia na upungufu wa kilo 500. Kilichouonyesha ni safari nyingine za gari hilo, kwa kuwa gari tupu hubadilika kwa mafuta na abiria, si kwa nusu tani. Hiyo tumeiongeza kama kigezo cha nne, na inafaa kwa magari yanayorudi tu.

Mkunjo wenyewe haujatibika pia. Kunyoosha kwa kona nne kunachukulia karatasi ni bapa, na risiti iliyokunjwa ni bapa nne zilizoinama tofauti. Mistari ya katikati inasogea pikseli kadhaa, kisanduku nilichokikata kwa vipimo kinakula vichwa vya tarakimu, na 7 isiyo na kichwa ni 1. Kwa sasa nakata kwa kutafuta neno lililochapwa kushoto, "Gari tupu" kwa mfano, na kuufuata mstari wake. Kunyoosha kila robo peke yake kunawezekana, mkunjo ukionekana.

Unyevu umebaki yatima. Haumo kwenye hesabu yoyote ya risiti, kwa hiyo hakuna namba ya kuuthibitisha. Nukta ikipotea, 8.4 inakuwa 84 na mpaka tuliouweka, kati ya 4 na 20, unaikataa. Lakini 9.4 ikisomwa 8.4 inapita mlango wa mbele bila kuulizwa. Tumekubaliana na mhasibu kwamba kisanduku hicho programu isikiandike. Inamwekea kipande cha picha, anaandika mwenyewe.